Kihisi Kinaposema Nyuzi -46.85

Ukifungua mashine ya kutotolesha vifaranga iliyoundwa na fundi wa mtaani siku hizi, unaweza kukuta ndani yake bodi ndogo ya kompyuta, labda ESP8266, na nyaya nne zinazokwenda mpaka kwenye kihisi cha joto na unyevu kati ya trei za mayai. Bodi inasoma joto, inawasha na kuzima hita, na inatakiwa kushikilia nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21. Mambo yanakwenda vizuri mezani kwa fundi. Mashine ikishafungwa kwa mteja, kihisi kikiwa kwenye waya wa mita tatu, skrini inaanza kuruka: mara 37.4, mara 128.86, kisha usiku mmoja inasimama kwenye -46.85 na haiondoki.

Wengi hapo hununua kihisi kipya. Kikiwekwa, hali inatulia siku mbili tatu, halafu inarudi palepale. Pesa imeliwa bure, kwa sababu namba zile zilikuwa zimeshaeleza kwamba kihisi hakina hatia, au angalau kwamba si cha kushukiwa kwanza.

Tuchukue kihisi aina ya SHT21, ambacho amri zake ni zilezile zinazotumiwa na HTU21D na Si7021. Kihisi hakitumi nyuzi. Kinatuma namba ghafi, tuiite S, iliyo kati ya 0 na 65535. Bodi ndiyo inayoigeuza kuwa joto kwa kanuni hii:

```
T = -46.85 + 175.72 * S / 65536
```

Weka sifuri mahali pa S, utapata -46.85 kamili. Weka namba kubwa kuliko zote, utapata 128.86 au 128.87, kutegemea programu inavyozichukulia tarakimu mbili za mwisho. Kwa unyevu ni vivyo hivyo: sifuri tupu hutoa asilimia -6, na moja tupu hutoa karibu 119. Kwa hiyo skrini haikupima kitu chochote. Imesoma waya uliokuwa chini muda wote, au uliokuwa juu muda wote. Swali la fundi linabadilika: nani aliushika waya chini, na kwa nini haukupanda?

Ili kulijibu, ni lazima kujua jinsi njia hii ya nyaya mbili inavyofanya kazi. Inaitwa I2C, na ilibuniwa na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili chipu zilizo ndani ya chombo kimoja, kwa mfano runinga, ziweze kuzungumza bila msitu wa nyaya. Waya mmoja, ulioandikwa SDA, hubeba data. Wa pili, SCL, hubeba mapigo ya kuhesabia: kila pigo moja, tarakimu moja. Nyaya nyingine mbili kati ya zile nne ni za umeme tu, chanya na hasi.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna chipu yoyote kwenye njia hii inayosukuma waya kwenda juu. Kila mmoja, bodi na kihisi, ana uwezo wa kufanya mambo mawili tu: kuuvuta waya chini mpaka karibu na volti 0, au kuuachia. Ukiachiwa na wote, hupandishwa na rezista iliyofungwa kati ya waya huo na umeme wa volti 3.3. Mpango huu una faida yake, kwa kuwa wawili wakisema kwa wakati mmoja hakuna kinachoungua. Anayevuta chini ndiye anayesikika. Lakini maana yake ni kwamba kushuka kwa waya ni kazi ya chipu, na kupanda kwake ni kazi ya rezista peke yake. Hitilafu zote mbili tutakazoziangalia zinatoka hapo. Katika ya kwanza, rezista ni dhaifu na waya unachelewa kupanda. Katika ya pili, kihisi kimeushikilia waya wa mapigo chini kwa makusudi, na bodi haikuwa na subira.

Tuanze na rezista. Waya wowote uliolala sambamba na waya wa hasi huhifadhi chaji kidogo, na kipimo chake ni pikofaradi. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e una kama pikofaradi 50 kwa kila mita kati ya nyuzi mbili za jozi moja. Mita tatu ni 150. Ongeza chipu zenyewe, viunganishi na njia za shaba kwenye bodi, na si vibaya kukadiria 200 kwa jumla. Kabla waya haujafika juu, chaji hiyo yote lazima ipite kwenye rezista, kama tangi linalojazwa kwa mpira mwembamba: mpira ukiwa mwembamba sana, tangi halijai kabla mtu hajaanza kuchota. Muda wa kupanda kutoka asilimia 30 hadi asilimia 70 ya volti ni rahisi kuukokotoa:

```
t = 0.8473 * R * C
```

Sasa tuingize mashine yetu. Kibao kidogo kilichobeba kihisi kinakuja na rezista za kiloomu 10, na tuseme kwamba kwenye mashine hii hakuna nyingine. Kiloomu 10 na pikofaradi 200 zinatoa nanosekunde 1,695, yaani karibu mikrosekunde 1.7. Kanuni rasmi za I2C zinaruhusu nanosekunde 1,000 kwa kasi ya kawaida ya kilohezi 100, na 300 tu kwa kasi ya kilohezi 400. Mashine imevunja sheria zote mbili. Kwa kilohezi 100 inaweza kujikokota, kwani nusu ya pigo ni mikrosekunde 5 na waya unapata nafasi ya kufika juu, japo umechelewa na umeacha mlango wazi kwa kelele za umeme kutoka kwenye hita na feni. Kwa kilohezi 400 nusu ya pigo ni mikrosekunde 1.25, na waya haufiki juu hata siku moja. Mezani, kwa waya wa sentimita 15, kiloomu 10 hizohizo zilitosha, na ndiyo maana fundi anaapa kwamba "ilikuwa inafanya kazi".

Je, rezista ipunguzwe mpaka wapi? Mpaka wa juu unatokana na hesabu ile ile ikigeuzwa: kwa pikofaradi 200 na kilohezi 100, rezista isizidi kiloomu 5.9. Mpaka wa chini unatokana na nguvu ya chipu. Chipu ya kawaida inaahidiwa kuushusha waya hadi volti 0.4 ikiwa inameza miliampea 3 tu. Toa 0.4 kwenye 3.3, gawa kwa 3, unapata kama omu 970. Chini ya hapo chipu inaweza kushindwa kuushusha waya ipasavyo, na "chini" yake ikaanza kufanana na "katikati". Watu hufika huko bila kujua, kwa kuwa kila kibao cha skrini, saa au kihisi kinakuja na rezista zake, na zote zikiungana kwenye nyaya zilezile zinagawana. Vibao vitano vyenye kiloomu 4.7 kila kimoja ni omu 940. Ndiyo sababu simwamini mtu anayesema "weka 4.7, inatosha" kabla hajauliza urefu wa waya na idadi ya vibao.

Kwa mashine yetu, fundi akiongeza rezista ya omu 2,200 karibu na bodi kwenye kila waya, zikiungana na zile kiloomu 10 za kibao anapata kama omu 1,800. Muda wa kupanda unashuka hadi nanosekunde 305. Kwa kilohezi 100 hiyo ni nafasi ya kutosha na kubaki. Kwa kilohezi 400 bado imepitiliza mpaka kidogo, lakini mashine ya mayai inasoma joto kila baada ya sekunde kadhaa. Haina haraka ya kilohezi 400. Kasi hiyo ilikuwa tu imenakiliwa kutoka kwenye mfano wa programu ya mtu mwingine.

Hitilafu ya pili ni tofauti kabisa, ingawa skrini inaweza kuonyesha kitu kilekile. Kihisi hakipimi papo kwa papo. SHT21 kwa usahihi wake wa juu kabisa huchukua hadi milisekunde 85 kupima joto, na hadi 29 kupima unyevu. Bodi ikiomba jibu kabla hayajaisha, kihisi kina njia mbili za kujibu. Ukitumia amri 0xE3, kihisi hukubali ombi, kisha hushika waya wa SCL chini mpaka kimalize. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuupandisha waya unaovutwa chini, mapigo yanasimama na bodi inalazimika kungoja. Hilo si kosa. Limo kwenye kanuni za I2C tangu zamani. Ukitumia amri 0xF3, kihisi hakishiki chochote. Bodi ikija mapema kinakataa tu, na bodi inarudi baadaye.

Tatizo ni bodi zisizojua kungoja. ESP8266 haina mtambo maalumu wa I2C. Mapigo yake yanatengenezwa na programu, na matoleo ya zamani ya programu hiyo kwa Arduino yalivumilia mikrosekunde 230 tu kabla ya kukata tamaa. Linganisha na milisekunde 85: kihisi kinahitaji muda mara 370 zaidi. Bodi inaendelea kuhesabu kana kwamba mapigo yapo, inakuta waya wa data umeachiwa juu, na inasoma moja, moja, moja. Hapo ndipo inapotoka 128.86. Programu inaamini mayai yanachemka, inazima hita, na mayai yanapoa. Matoleo mapya yaliongeza subira hiyo sana, na ndiyo maana mashine mbili zenye vifaa vilevile zinaweza kutofautiana tabia kwa sababu tu kompyuta ya fundi ilikuwa na toleo jingine siku ile.

Raspberry Pi nazo zina kasoro yao, na hii imo ndani ya silikoni yenyewe. Mtambo wa I2C kwenye chipu ya BCM2835, iliyo kwenye Pi za kwanza, huangalia kama SCL imeshikwa katika nyakati fulani tu za pigo. Kihisi kikiachia waya wakati usiofaa, pigo linalofuata linakatwa na kuwa fupi mno, kihisi hakilioni, na kuanzia hapo wawili hao wanahesabu tofauti. Data inafika ikiwa imeteleza tarakimu moja. Programu haiwezi kulitibu hilo. Inaweza kulikwepa tu, kwa kupunguza kasi hadi kilohezi 10 hivi au kwa kuachana na mtambo huo na kutengeneza mapigo kwa programu kupitia `i2c-gpio`.

Tofauti ya hitilafu hizi mbili utaijuaje bila kubahatisha? Anza na mita ya kawaida, ile ya bei ndogo. Zima umeme, pima ukinzani kati ya SDA na laini ya volti 3.3, kisha kati ya SCL na laini hiyohiyo. Ukipata karibu 10,000 na waya wako ni wa mita kadhaa, umeshapata mshukiwa. Ukipata chini ya 1,000, una vibao vingi mno. Ng'oa rezista za baadhi yao. Kisha washa umeme, zuia programu isisome chochote, na upime volti: nyaya zote mbili zinapaswa kukaa karibu na 3.3. Waya ukikaa karibu na sifuri wakati hakuna anayezungumza, kuna mtu ameushika au kuna mahali nyaya zimegusana. Chomoa kihisi kimoja kimoja uone waya unapanda kwa kuondoka kwa nani.

Mita haiwezi kuona mambo ya mikrosekunde, na hapo unahitaji kimoja kati ya vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipo kile kisanduku kidogo cha USB chenye mikia minane, kinachotumiwa na programu ya PulseView. Hicho kinaona juu na chini tu. Waya unaopanda kwa kujikokota kinauonyesha umenyooka kama ukuta, kwa hiyo kwa tatizo la rezista kitakudanganya. Lakini kwa kushikiliwa kwa mapigo hakina mpinzani: utaona baada ya anwani ya kihisi SCL inabaki chini kwa mamia ya mikrosekunde au makumi ya milisekunde, na utaona wazi kama bodi ilisubiri mpaka mwisho. Osiloskopu, kwa upande wake, inaonyesha umbo lenyewe. Mpando mzuri unasimama karibu wima. Mpando wenye rezista dhaifu unajipinda kama pezi la papa, na mara nyingine unakatwa kabla haujafika juu.

Kuna mtego mmoja hapa. Bodi inayojua kungoja haitofautishi kihisi kinachoshikilia SCL na rezista inayochelewa kuipandisha. Kwake zote ni "waya bado uko chini". Kwa hiyo rezista ikiwa dhaifu, bodi kama ESP8266 inajikuta ikingoja kidogo kila pigo, na kasi uliyoiandika kuwa kilohezi 100 inaweza kupimwa ikiwa kama 80. Ukiona kasi halisi iko chini ya ile uliyoiandika, na upungufu umesambaa sawasawa kwenye kila pigo, hiyo ni rezista. Ukiona mapigo yote ni mazuri isipokuwa pengo moja refu mahali palepale kila mara, hicho ni kihisi kinachopima.

Na kama unataka kujua ni nani hasa aliyeshika waya, weka rezista ndogo ya omu 100 kwenye SCL karibu kabisa na kihisi. Bodi ikivuta, waya upande wake unashuka mpaka karibu na sifuri. Kihisi kikivuta, mkondo unapita kwenye omu 100 hizo, na upande wa bodi waya unabaki juu kidogo, kama volti 0.17 kwa rezista zetu za omu 1,800. Kwenye osiloskopu utaona sakafu mbili za urefu tofauti, na kila sakafu ina mwenyewe.

Tiba ya kushikiliwa kwa mapigo ninayoipendelea ni kutokiomba kihisi kishike chochote. Kuongeza subira kwa `Wire.setClockStretchLimit(100000)` kunafanya kazi, lakini kwa milisekunde 85 njia nzima imegandishwa, na skrini au saa iliyo kwenye nyaya zilezile haipati neno. Afadhali hivi:

```
Wire.beginTransmission(0x40);
Wire.write(0xF3);
Wire.endTransmission();
delay(90);
Wire.requestFrom(0x40, 3);
```

Baiti ya tatu ni ya kukagua makosa, na wengi huiacha bila kuisoma. Isome, ila usiitegemee peke yake. Moja tupu zitakamatwa na ukaguzi huo. Sifuri tupu hazikamatwi kwenye SHT21, kwa sababu hesabu yake inaanzia sifuri, na jumla ya sifuri ni sifuri, -46.85 inapita ikiwa na muhuri halali. SHT31, iliyokuja baadaye, huanza hesabu na 0xFF, hivyo sifuri tupu haziwezi kupita. Kwenye SHT21 ni lazima programu yenyewe ikatae joto lolote nje ya, tuseme, nyuzi 5 hadi 60, izime hita na ipige kengele. Bila hivyo programu itaamini kuna baridi kali na kuwasha hita mpaka mayai yaive.

Ile -46.85 inayosimama bila kuondoka kwa kawaida ni SDA iliyoshikwa chini. Hutokea bodi ikijizima na kuwaka upya katikati ya kusoma: kihisi kilikuwa kinatuma sifuri, mapigo yakakatika, nacho kinaendelea kungoja pigo linalofuata huku kimeshika waya. Kuwasha bodi upya hakusaidii kama kihisi hakikukatiwa umeme. Kinachosaidia ni kukipa mapigo tisa ya SCL kwa mkono wa programu, huku SDA imeachiwa, ili kimalizie baiti yake na kuachia. Programu nzuri hufanya hivyo kila inapoanza.

Mwisho ni waya wenyewe. Ukitumia Cat5e, usizungushe SDA na SCL kwenye jozi moja, kwa kuwa kila moja itapenyeza kelele kwa mwenzake. Zungusha SDA na hasi, SCL na hasi nyingine. Na ukitaka kupima joto la banda zima, kihisi kikiwa mita 20 kutoka kwenye bodi, hesabu pikofaradi 1,000 kwa waya peke yake, wakati kanuni za kasi hizi zinaishia 400. Hapo usitafute rezista nyingine. Nunua kihisi cha RS-485, uache I2C ibaki ndani ya sanduku ilikobuniwa kukaa.